Kima cha chini cha fundi cherehani: kwa kila nguo, kwa kila mteja, au kwa kazi ya kwanza?

Kifungo kimoja cha shati hushonwa kwa dakika nne. Mteja anaziona hizo nne tu, akitoa shilingi 300 anajiona amelipa vizuri. Asichokiona ni dakika tatu za kumpokea na kumsikiliza, dakika mbili za kupekua kopo la vifungo na kutafuta uzi unaofanana, na nyingine tatu za kumkabidhi shati lake siku ya pili na kuhangaika na chenji. Jumla ni dakika 12, na theluthi mbili yake haihusiani na sindano.

Ndiyo maana mafundi wengi huweka kima cha chini: bei ambayo kazi yoyote haishuki chini yake, iwe ndogo namna gani. Shida huanza kwenye swali linalofuata. Kima hicho kihesabiwe kwa kila nguo, kwa kila mteja anayefika, au kwa kazi ya kwanza peke yake huku zinazofuata zikipungua? Kwenye kibao cha bei njia hizi tatu zinafanana sana. Kwenye droo ya pesa jioni zinaachana mbali.

Hesabu za hapa ni za mfano: fundi mmoja mwenye kibanda cha kupanga kwenye mtaa wa kawaida wa Dar es Salaam, cherehani moja, ovaloki moja na pasi ya umeme. Mwenye kibanda Mombasa au Bujumbura abadilishe fedha na kodi. Mpango wa hesabu haubadiliki.

Kwanza, dakika moja ni shilingi ngapi

Bila namba hii, kima chochote ni cha kubahatisha. Tuseme fundi anataka siku imwachie 20,000 ya kwake. Kodi ya kibanda ni 60,000 kwa mwezi, na kwa siku 25 za kazi inakuwa 2,400 kwa siku. Umeme tuweke 900. Sindano, mafuta ya mashine, mkanda wa mota na akiba ya siku ovaloki itakapogoma tuweke 700. Jumla ni 24,000 kwa siku.

Hapo wengi hukosea: wanagawanya kwa saa nane au kumi za kibanda kuwa wazi. Katika siku hiyo kuna mvua, kuna kwenda kununua zipu, kuna umeme kukatika, kuna mteja anayeuliza bei na kuondoka. Dakika zinazolipwa kweli, kwa fundi anayefanya kazi peke yake, tuchukue 300, yaani saa tano. Gawanya 24,000 kwa 300, unapata shilingi 80 kwa dakika.

Sasa kile kifungo cha dakika 12 kinagharimu 960 kabla hata ya kuhesabu uzi. Aliyetoza 300 amemlipia mteja 660 kutoka mfukoni mwake.

Na huo uzi? Mafundi huulalamikia sana, lakini ndio wa mwisho katika gharama. Cherehani ya kawaida hula uzi karibu mara mbili na nusu hadi tatu ya urefu wa mshono, juu na bobini kwa pamoja. Ovaloki ya nyuzi tatu hula kama mara 14. Chukua suruali yenye miguu miwili ya mzunguko wa sentimita 44 kila mmoja, ukate urefu, uipige ovaloki na kuipinda. Mshono una sentimita 88; cherehani itakula kama mita mbili na nusu, ovaloki kama mita 12. Ni mita 15 hivi. Koni ya yadi 5,000 ina zaidi ya mita 4,500, kwa hiyo inatoka suruali 300. Hata koni ukiinunua kwa 5,000, kila suruali imekula uzi wa shilingi 17.

Kinachokula pesa ni kuubadilisha uzi. Kutoa bobini nyeusi, kujaza ya rangi ya udongo, kupitisha uzi wa juu upya, kushona kipande cha majaribio na kusawazisha mkazo: dakika tatu au nne, yaani shilingi 240 hadi 320. Kubadilisha uzi mara moja ni sawa na uzi wa suruali zaidi ya 14. Liweke hili akilini, litarudi.

Njia ya kwanza: kima kwa kila nguo

"Kila nguo kuanzia 1,000." Ni rahisi kuliko zote kuitamka, na mwanafunzi anayeachiwa kibanda hawezi kuikosea. Mteja akileta nguo moja, fundi yuko salama.

Tatizo linatokea mama anapofika Jumapili jioni na mfuko wa sare za shule: mashati mawili yaliyopoteza kifungo kimoja kimoja, sketi iliyoachia mshono ubavuni, na suruali ambayo pindo limefumuka. Kwa kima cha kila nguo anatakiwa 4,000. Yeye anapiga hesabu yake palepale, kwamba vifungo viwili ni elfu mbili. Anakuachia suruali, nguo zilizobaki anakwenda kuzishona nyumbani au kumngoja fundi wa kutembea mwenye cherehani begani. Fundi amepoteza kazi ambazo kwa kweli zingekuwa rahisi kwake, kwa kuwa mteja alishapokewa, daftari lilishafunguliwa na uzi mweupe ulikuwa tayari.

Iko sehemu moja ambapo njia hii ndiyo sahihi: pale ambapo anayepokea siye anayeshona. Kwa dobi au duka la nguo linalopeleka marekebisho kwa fundi, kila nguo inabandikwa karatasi yake, inaingia kwenye mfuko wake na pengine inarudi siku tofauti. Hapo gharama ya kupokea kweli ni ya kila nguo, wala haipungui kwa kuwa zimekuja kumi.

Njia ya pili: kima kwa kila mteja

Hapa fundi ana orodha ya bei ndogondogo, tuseme kifungo 300, mshono ulioachia 500, pindo lililofumuka 1,000, kukata suruali ya kitambaa 2,500. Anajumlisha. Jumla isipofika 1,000, mteja analipa 1,000. Ikipita, analipa jumla yenyewe.

Wateja wanaipenda, na hiyo ni sifa kubwa. Yule mama wa sare analipa 300 na 300 na 500 na 1,000, jumla 2,100. Anaacha mfuko mzima.

Lakini tuhesabu dakika za mfuko ule. Kupokea nguo nne, kuzikagua na kuziandika: tano. Vifungo viwili, dakika tano kila kimoja pamoja na kukitafuta: kumi. Mshono wa sketi: nne. Pindo la suruali: saba. Kubadilisha uzi kutoka mweupe kwenda bluu: nne. Kukabidhi: tatu. Ni dakika 33, yaani 2,640, na vifungo na uzi vinaifikisha 2,700. Fundi amepata hasara ya 600, na hataijua kwa sababu amepokea noti mbili na sarafu kwa wakati mmoja, jambo linalofurahisha macho.

Kuna udhaifu mwingine ambao wateja huugundua haraka kuliko fundi. Mtu akishaambiwa kwamba hata kifungo cha 300 atalipa 1,000, anasema, "Basi fundi, niongezee na haya mawili." Mashati matatu, vifungo vitatu, 900, kima kinaifanya 1,000. Kazi hiyo ni dakika 22, sawa na 1,760. Kima kilichowekwa kumlinda fundi kimegeuka kapu ambalo mteja analijaza kwa bei moja.

Chanzo cha kasoro ni kwamba bei za orodha zilirithiwa mtaani. Ile 300 ya kifungo haikuhesabiwa kwa dakika hata siku moja. Kima kinaziba shimo la kazi moja tu. Kazi zikizidi, bei zile za zamani zinarudi kutawala.

Njia ya tatu: kazi ya kwanza na zinazofuata

Kila kazi inakuwa na bei mbili: ikija peke yake, na ikiongezwa juu ya nyingine katika mfuko uleule. Bei ya peke yake inabeba kupokea, kuandika, kukabidhi na chenji. Bei ya kuongezwa inabeba kazi yenyewe tu. Kifungo cha kuongezwa ni dakika tano mara 80, yaani 400. Katika mfuko, kazi kubwa kuliko zote ndiyo inayohesabiwa ya kwanza. Hili liandikwe waziwazi, maana mteja mjanja atakwambia kwanza ni kifungo.

Kwa fundi wetu wa mfano, baada ya kusawazisha ili zilipike bila kutafuta chenji, bei zinakaa hivi:

| Kazi | Peke yake | Ikiongezwa |
|---|---|---|
| Kifungo | 1,000 | 400 |
| Mshono ulioachia, usiozidi kiganja | 1,000 | 500 |
| Pindo lililofumuka, suruali au sketi | 1,500 | 1,000 |
| Kukata suruali ya kitambaa na kuipinda | 2,500 | 2,000 |

Mama wa sare sasa analipa 1,500 ya pindo, kisha 500, 400 na 400. Ni 2,800, na gharama ilikuwa 2,700. Yule wa mashati matatu analipa 1,800 kwa kazi ya 1,760. Tuziweke njia tatu pamoja:

| Mfuko | Gharama halisi | Kwa nguo | Kwa mteja | Ya kwanza na zinazofuata |
|---|---|---|---|---|
| Kifungo kimoja | 960 | 1,000 | 1,000 | 1,000 |
| Suruali moja kukatwa (dakika 28) | 2,260 | 2,500 | 2,500 | 2,500 |
| Mashati 3, kifungo kimoja kila moja | 1,760 | 3,000 | 1,000 | 1,800 |
| Sare nne za mama | 2,700 | 4,000 | 2,100 | 2,800 |

Tazama mistari miwili ya juu: hakuna tofauti yoyote. Kwa mteja wa kazi moja kama hizi njia zote tatu ni kitu kimoja. Basi kabla ya kubishana juu ya njia ipi, fungua daftari la wiki mbili zilizopita na uhesabu ni wateja wangapi walileta zaidi ya kazi moja. Kibanda cha stendi, ambako watu hushuka na zipu iliyokufa au begi lililochanika, hakina haja ya kibao cha safu mbili. Chukua kima cha kila nguo, maliza. Kibanda kilicho jirani na shule au katikati ya nyumba za familia, mifuko ndiyo biashara, na hapo njia ya tatu inashinda bila ubishi.

Ubaya wake ni maelezo. Ukiieleza kwa namna ya "ada ya kupokea" utaulizwa kama salamu nazo zinalipiwa. Usiitaje ada. Sema "ya kwanza elfu moja, zinazofuata mia nne", lugha ambayo mteja anaisikia kama punguzo. Na kwa kweli ni punguzo.

Kazi zisizoingia kwenye kima

Jinzi ina kima chake. Pindo la jinzi, pale mshono wa ubavu unapokutana na kitambaa kilichokunjwa mara mbili, lina tabaka nyingi kiasi kwamba sindano namba 14 iliyotoka kushona kitenge itapinda au kukatika. Unahitaji namba 16, na kwa jinzi nzito 18, uzi mnene zaidi, mshono mrefu zaidi, na mara nyingi kulizungusha gurudumu kwa mkono ukivuka ile nundu. Kubadilisha sindano kwenda na kurudi na kuponda nundu kwa nyundo kunaongeza dakika sita au saba. Ongeza 500 na uiandike kwenye kibao. Dalili kwamba sindano haifai huonekana mapema: mshono unaruka pointi hasa kwenye nundu, au mashine inatoa mlio wa kugonga. Ukiendelea, sindano ikikatika inaweza kukwaruza sahani na ndoana ya bobini, na hapo kazi ya 2,500 imezaa matengenezo.

Zipu, lastiki na kitambaa cha bitana haviingii kwenye kima chochote. Bei ya kifaa isomwe peke yake na bei ya kazi peke yake, kwa sababu mteja akija na zipu yake aliyoinunua sokoni atadai upunguze, na usipokuwa na bei mbili utapunguza kwa kukisia. Akileta zipu yake, mwambie kabla kwamba ikifa baada ya wiki kuibadilisha ni kazi mpya.

Nguo uliyoishona wewe mwenyewe ni habari nyingine. Mshono ukiachia ndani ya muda uliouahidi, wiki mbili kwa mfano, rekebisha bure, maana hiyo ni kasoro yako na ilipaswa kuwa ndani ya bei ya kushona. Mteja akinenepa au akibadili mawazo kuhusu urefu, hiyo ni kazi ya kibao. Mpaka huu usipoandikwa kwenye risiti, kila gauni ulilowahi kushona litarudi kubanwa au kuachiwa bure hadi mwisho wa dunia.

Muuza mitumba anayeleta suruali 20 kukatwa anastahili bei ya chini kuliko hata ile ya kuongezwa, lakini kwa sharti la rangi. Zipangwe: nyeusi pamoja, za bluu pamoja, za rangi ya udongo pamoja. Suruali 20 za rangi mbili zinataka kubadilisha uzi mara mbili. Zikiwa za rangi tisa zilizochanganyika na akazitaka kwa mpangilio wake, unaweza kupoteza zaidi ya nusu saa kwenye bobini tu. Punguzo litolewe kwa kila rundo la rangi moja kuanzia suruali tano, lisiangalie idadi ya mzigo mzima.

Anayesubiri

Mteja anayesimama mlangoni akisema "ni kifungo tu, nipo hapa" ndiye ghali kuliko wote. Mashine ina uzi mwekundu wa gauni la sendoff, kitambaa kiko chini ya mguu wa mashine. Kama kazi yake ni ya mkono, unapoteza muda wa kuacha na kurudi tu. Kama ni ya mashine, unatoa gauni, unabadilisha uzi, unashona sentimita kumi, kisha unarudisha uzi mwekundu na kujaribu mkazo tena. Ni kubadilisha uzi mara mbili kwa ajili ya mshono mmoja, dakika sita hadi nane, yaani 480 hadi 640. Hii ndiyo sababu kazi ya papo kwa papo inastahili kima chake, 1,500 badala ya 1,000, kwa njia yoyote kati ya zile tatu uliyoichagua. Asiyetaka kuilipa aache nguo hadi saa kumi, uishone pamoja na nyingine za rangi yake.

Bei hiyo ya juu ina faida ambayo haionekani kwenye hesabu: inawasukuma watu kuacha nguo, na nguo zilizoachwa ndizo zinazoweza kupangwa kwa rangi. Fundi anayekusanya kazi zake ndogo za mashine na kuzishona mara mbili kwa siku, kabla ya chakula cha mchana na saa kumi, hubadilisha uzi mara nne au tano badala ya kumi na tano.

Kujua kama kima kimekaa sawa

Kwa wiki mbili andika vitu vitatu kwa kila kazi ndogo: saa uliyompokea mteja na dakika ulizotumia naye, dakika za kazi, na alicholipa. Jumlisha pesa, gawanya kwa dakika. Ukipata chini ya 80 katika mfano wetu, kima kiko chini au kuna mtu anakivunja. Mvunjaji wa kawaida ni fundi mwenyewe, anapomwambia jirani "lete chochote". Anayefuata ni mwanafunzi: mteja mzoefu humsubiri bosi atoke kwenda msikitini au dukani ndipo amletee mwanafunzi kazi. Bei zikiwa kwenye kibao ukutani, mwanafunzi anakielekezea kidole tu.

Angalia pia wanaoondoka. Ikiwa kati ya watu kumi hakuna hata mmoja anayeguna, kima kiko chini ya kile mtaa unachoweza kulipa. Wakiondoka wanne au watano, ama kiko juu ama kibao hakieleweki, na mara nyingi ni hili la pili. Jaribu kwanza kubadilisha maneno kabla ya bei. Kibao kinachosomeka kwa haraka kina mistari michache tu:

KAZI NDOGO KUANZIA 1,000.
Ukileta zaidi ya moja, zinazofuata bei inapungua (kifungo 400, mshono 500).
Inayohesabiwa ya kwanza ni kubwa kuliko zote.
Jinzi ongeza 500. Zipu na vifaa bei yake peke yake.
Unasubiri hapa: kuanzia 1,500.